Faili la kazi limeharibika saiba ukiligeuza PDF: namna ya kuliokoa kabla muda haujaisha

Kisa ninachokifuata katika mwongozo huu kilitokea kwenye saiba moja mjini Morogoro. Binti wa mwaka wa pili aliingia na flashi yenye kazi yake ya kozi: kurasa 14 kuhusu viwavijeshi kwenye mahindi, na picha nne alizopiga shambani. Mfumo wa chuo ulikuwa unafungwa saa 6:00 usiku na ulitaka PDF tu. Alilifungua faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi, akaongeza ukurasa wa jalada, akachagua kuhifadhi kama PDF, tena kwenye flashi ileile. Mstari wa kuhifadhi ukasimama katikati. Akangoja, akachoka, akafunga Word. Word ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko, akakubali, kisha akaichomoa flashi na kuichomeka tundu la pili. Ilikuwa saa 2:45 usiku. PDF ilikuwa na ukubwa wa 0 KB. Faili la Word nalo likawa linaleta ujumbe kwamba haliwezi kufunguka kwa sababu kuna tatizo kwenye yaliyomo.

Wanafunzi wengi hufikiri kugeuza kwenda PDF ndiko kulikoharibu kazi. Sivyo. Word inapotengeneza PDF husoma hati iliyo wazi na kuandika faili jipya pembeni, na hati yenyewe haiguswi. Kilichomponza binti huyu ni pale alipokubali kuhifadhi mabadiliko wakati flashi ilikuwa bado inahangaika na PDF, halafu akaichomoa kabla uandishi haujamalizika. Faili la Word likakatwa njiani. Ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa sababu faili lililokatwa bado lina sehemu yake ya mwanzo, na kwa kawaida maandishi hukaa huko mwanzoni.

Kabla ya yote: usiondoke kwenye kompyuta ile

Kama hati bado iko wazi kwenye kioo, una bahati kubwa. Usiifunge, na usiihifadhi tena kwenye flashi. Bonyeza F12, chagua Desktop, ipe jina jipya, hifadhi. Hapo kazi imepona, na unaweza kuruka hadi sehemu ya kutengeneza PDF.

Kama umeshaifunga, mwite mhudumu na umwombe mambo mawili. La kwanza, akuongezee muda. Saiba nyingi zina programu ya kuhesabu dakika, na muda ukiisha hukutoa nje bila kujali umehifadhi au la. La pili, asiizime wala kuiwasha upya kompyuta. Wenye saiba wengi huweka programu kama Deep Freeze, ambayo kila kompyuta inapowashwa upya huirudisha katika hali aliyoiweka mwenye saiba na kufuta kila kilichowekwa baadaye. Ushauri wa "hebu iwashe upya kwanza", ambao husaidia siku nyingine, hapa unaweza kufuta mabaki yote ya kazi yako yaliyo kwenye kompyuta.

"Kaka, naomba usiizime, kazi yangu imeharibika," binti alimwambia mhudumu.

"Sawa dada, nakuongezea saa nzima. Usiandike chochote kwenye hiyo flashi."

Agizo hilo la mwisho lina sababu. Word inapohifadhi, haiandiki juu ya faili la zamani papo hapo. Huandika nakala mpya yenye jina la muda, kisha huliondoa la zamani na kuipa ile mpya jina lake. Maana yake, toleo la zamani lililo zima linaweza kuwa bado limo ndani ya flashi, limefutwa jina tu. Kila kitu kipya unachokiweka kwenye flashi kinaweza kukaa juu yake. Na kama Windows itakuambia flashi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bonyeza Cancel.

Sasa linakili faili lililoharibika uliweke Desktop, na matengenezo yote uyafanye kwenye nakala hiyo.

Tambua ni ugonjwa gani

Kabla ya kujaribu dawa yoyote, angalia mambo mawili kwenye nakala: ukubwa wake na herufi zake za kwanza. Bofya kulia, chagua Properties, usome ukubwa. Kisha bofya kulia tena, chagua Open with, halafu Notepad. Utaona takataka nyingi, lakini wewe soma mwanzo tu na usihifadhi.

Ikiwa herufi mbili za kwanza ni PK, mbele yako una faili la .docx. Kila .docx ni kifurushi cha ZIP chenye mafaili madogo ndani, na PK ndiyo alama ya ZIP. Ikiwa linaanza na %PDF, hiyo ni PDF. Shuka hadi mwisho kabisa utafute %%EOF. Usipoiona, PDF hiyo imekatwa, na hakuna haja ya kuitengeneza kama hati ya Word ipo, maana utaitoa upya. Ikiwa ukubwa ni 0 KB, au Notepad inaonyesha nafasi tupu kuanzia juu hadi chini, ndani hamna kitu, na hapo lazima utafute nakala nyingine.

Kuna hali moja inayowatia watu hofu bure. Mtu akiambiwa "peleka PDF", hubadilisha jina tu: kazi.docx inakuwa kazi.pdf. Kisomaji cha PDF kinalalamika kwamba faili limeharibika au si la aina inayokubalika, na kivinjari cha Chrome kinaandika "Failed to load PDF document". Ukilifungua kwa Notepad utakuta PK. Faili hilo ni zima kabisa. Lirudishie jina la .docx nalo litafunguka. Kama huoni mkia wa jina, fungua dirisha la mafaili, nenda View, uweke alama kwenye "File name extensions". Bila hatua hiyo unaweza kujikuta na kazi.pdf.docx bila kujua.

Faili la binti wa Morogoro lilianza na PK, na ukubwa ulikuwa 610 KB. Alikumbuka mchana lilikuwa zaidi ya MB moja kidogo, kwa sababu ya zile picha. Jibu likawa wazi: limekatwa karibu na nusu.

Tafuta nakala nzima kabla ya kutengeneza mbovu

Dakika kumi za kutafuta zinaweza kukuokolea saa mbili za kupanga upya. Anza na njia rahisi: je, uliwahi kujitumia kazi hiyo kwa barua pepe, au kumtumia mwenzako kwa WhatsApp? Je, kompyuta uliyochapia bado inayo? Toleo la jana lenye upungufu wa ukurasa mmoja ni bora kuliko maandishi matupu yasiyo na mpangilio.

Halafu iangalie Word yenyewe. Nenda File, Info, Manage Document, kisha "Recover Unsaved Documents". Pia tazama folda hii, ambayo unaweza kuibandika moja kwa moja kwenye mstari wa anwani wa dirisha la mafaili:

```
%AppData%\Microsoft\Word
```

Mafaili yenye mkia wa .asd ni nakala za dharura za Word. Lakini usiyategemee mno ukiwa saiba. Kwa kawaida Word hutengeneza nakala hiyo kila baada ya dakika 10, tena ikiwa umebadilisha kitu, na hati ikifungwa kwa utaratibu huiondoa. Binti alikuwa amekaa na hati kwa dakika chache tu, na aliifunga mwenyewe. Folda ilikuwa tupu.

Mwisho, angalia flashi yenyewe, pamoja na mafaili yaliyofichwa. Kwenye View weka alama "Hidden items". Faili linaloanza na ~WRL na kuishia na .tmp ni toleo la awali ambalo Word haikuwahi kulifuta. Linakili Desktop, libadilishe jina liwe .docx, ulifungue. Lile dogo linaloanza na ~$ liache, maana linabeba jina la aliyefungua hati na si zaidi.

Flashi za saiba zina tatizo jingine pia: virusi vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukiona folda zote zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Fungua Command Prompt uandike amri hii, ukiweka herufi halisi ya flashi yako mahali pa E:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Mafaili yaliyofichwa yataonekana tena.

Kama faili lako ni 0 KB na hukupata nakala popote, iliyobaki ni programu ya kurudisha vilivyofutwa, kwa mfano Recuva. Iendeshe kutoka kwenye kompyuta, iikague flashi, na chochote inachokipata kihifadhi Desktop, si kwenye flashi. Tafuta majina ya ~WRL na ya .docx. Ila chkdsk usiiguse mpaka umalize hatua hii. Kazi yake ni kuweka sawa mpangilio wa flashi, na katika kufanya hivyo inaweza kuvikata vipande vya faili lako na kuvigeuza kuwa mafaili ya FILE0000.CHK.

Jaribu kulifungua kwa njia ya kawaida

Ndani ya Word nenda File, Open, Browse. Bofya faili mara moja tu, kisha bofya mshale mdogo ulio pembeni ya kitufe cha Open, uchague "Open and Repair". Njia hii hufaulu pale kosa linapokuwa dogo ndani ya hati. Faili lililokatwa huishinda mara nyingi, kwa sababu orodha ya vilivyomo ndani ya ZIP huandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Mwisho ukipotea, Word haijui pa kuanzia.

LibreOffice huwa na uvumilivu zaidi: ikigundua hitilafu hukuuliza kama ilitengeneze faili. Kama saiba inayo, ijaribu. Kwa binti yule, Word ilikataa, na LibreOffice haikuwepo.

Lifungue kama kifurushi

Hapa ndipo kazi nyingi huokoka. Programu ya 7-Zip haitegemei orodha ya mwishoni peke yake. Inaweza kusoma vichwa vya mafaili madogo kimoja kimoja kuanzia mwanzo. Bofya kulia nakala yako, chagua 7-Zip, kisha "Open archive". Ikikuonya kwamba kifurushi kimeisha ghafla, endelea tu. Saiba zenye WinRAR pia zinafaa: badilisha jina liwe .zip, na wakati wa kutoa yaliyomo weka alama kwenye "Keep broken files", la sivyo itatupa kipande ambacho wewe unakihitaji.

Utaona folda iitwayo word. Ndani yake vitafute vitu vitatu. document.xml ndiyo maandishi yako yote, pamoja na majedwali. footnotes.xml ni tanbihi, kama ulizitumia. Folda ya media ina picha zako, zikiwa na majina kama image1.jpeg. Vitoe vyote uviweke Desktop.

Binti alipata document.xml nzima. Picha mbili za kwanza zilikuwa salama, ya tatu ilionekana nusu ya juu na chini ni kijivu kitupu, ya nne haikuwepo. Alikuwa na picha za asili kwenye simu yake, hivyo pengo hilo lilizibika kwa waya wa simu. Vyanzo vyake alivitaja ndani ya maandishi na orodha aliiweka mwisho, kwa hiyo vyote vilikuwa ndani ya document.xml. Angetumia tanbihi, angehitaji kuitafuta footnotes.xml, na hiyo ikiwa imekatwa hakuna namna ya kuirudisha.

Sasa kuyasafisha maandishi. document.xml imejaa alama za Word zilizofungwa kwa mabano ya pembe, na maandishi yako yako katikati yake. Badilisha jina liwe document.txt, kisha lifungue kwa Word. Ikiuliza namna ya usimbaji, chagua Unicode (UTF-8). Utaona lundo moja refu lisilo na aya.

Bonyeza Ctrl+H. Kwanza tafuta alama ya mwisho wa aya, uweke aya halisi mahali pake:

```
Find what:     </w:p>
Replace with:  ^p
```

Bonyeza "Replace All". Kisha bonyeza More, weka alama kwenye "Use wildcards", ufute alama zote zilizobaki:

```
Find what:     \<*\>
Replace with:
```

Sehemu ya pili iache tupu. Usibadilishe mpangilio wa hatua hizi mbili. Ukianza na ya pili, alama za aya zitafutika pamoja na nyingine, na kurasa 14 zitakuwa aya moja. Kompyuta ya saiba ikiwa na kumbukumbu ndogo, Word inaweza kuganda kwa dakika kadhaa. Iache, usibofyebofye.

Kinachobaki ni maneno yako kwa mfuatano sahihi, lakini bila mavazi. Vichwa vya habari vimekuwa aya za kawaida. Kila kisanduku cha jedwali kimekuwa mstari wake, hivyo jedwali la safu nne litasomeka kama orodha ndefu ya kushuka, na itabidi ulichore upya ukihesabu nne nne. Alama ya & itaonekana kama & na utairekebisha kwa kutafuta na kubadilisha. Kama ulikuwa na yaliyomo ya kujitengeneza yenyewe, utakuta mistari ya ajabu yenye neno PAGEREF. Ifute. Milinganyo ya hesabu huumia zaidi kuliko vyote: herufi zinabaki, lakini sehemu, mizizi na vipeo vinabomoka, na lazima uichape upya.

Fungua hati mpya, bandika maandishi kwa "Keep Text Only", uihifadhi Desktop kabla hujapamba chochote. Kisha vichwa, majedwali, picha, kwa utaratibu huo. Binti alianza kupanga saa 3:50, akamaliza saa 5:05. Jalada alilitengeneza mwisho.

Kabla hujaanza kupanga, mwandikie mhadhiri

Hili watu huliacha mpaka muda umeshapita, na hapo huwa halina uzito. Ujumbe uliotumwa saa 3:45 usiku, mfumo ukiwa bado wazi, ni tofauti kabisa na uliotumwa saa 6:20. Andika kwa kifupi: faili limekatwa wakati wa kuhifadhi, unalipanga upya, unatarajia kuwasilisha kabla ya saa 6:00. Ambatisha faili bovu na picha ya ujumbe wa hitilafu. Usiombe huruma ndefu, na usiahidi saa usiyoiweza.

PDF, mara hii kwa utaratibu

Hati ikiwa Desktop, ihifadhi kwa Ctrl+S na usubiri imalize. Kisha bonyeza F12, chagua PDF kwenye "Save as type", na uiweke Desktop pia. Flashi isihusike kabisa. Kama hati ina picha nzito na mfumo wa chuo una kikomo cha ukubwa, chagua "Minimum size" hapohapo chini. Usitumie tovuti za kugeuza faili ikiwa Word ipo. Mtandao wa saiba ukikatika katikati ya kupakua, unarudi kulekule kwenye faili nusu, na kazi yako imebaki kwa mtu usiyemjua.

Ifungue PDF kwa Chrome, si kwa Word. Nenda ukurasa wa mwisho kwanza, maana kama kuna kilichokatwa kitaonekana huko. Hesabu kurasa ulinganishe na hati. Tazama kila picha na kila jedwali, hasa lile lililo pana, kwani hupenda kukatwa pembeni.

Ndipo upakie. Kwenye Moodle, ambayo vyuo vingi hutumia, kupakia faili si lazima iwe umewasilisha. Baadhi ya kozi zimewekwa hivi kwamba faili hubaki rasimu mpaka ubonyeze "Submit assignment". Soma sehemu ya hali: ikiandika "Draft (not submitted)" bado hujamaliza, ikiandika "Submitted for grading" imepokelewa. Binti aliiona ya kwanza saa 5:21, akabonyeza, ikawa ya pili. Kisha alibofya faili lake ndani ya mfumo, akalipakua, akalifungua tena, kwa sababu kilichomo kwenye mfumo ndicho mhadhiri atakachokisoma.

Piga picha ya ukurasa wa hali pamoja na saa. Jitumie hati na PDF kwa barua pepe. Kisha ndipo unakili kwenye flashi, na uitoe kwa "Eject" mpaka Windows iseme ni salama. Kwenye kompyuta ya saiba futa kila ulichokiweka Desktop kwa Shift+Delete, toka kwenye barua pepe na kwenye mfumo wa chuo, na umwambie mhudumu umemaliza ili azime hesabu ya muda.